Nusu mshahara Diani, mshahara kamili Nairobi: kodi ya Kenya katika mtikisiko wa 2020

Tuchukue msimamizi wa wahudumu katika hoteli moja ya ufukweni Diani. Ni mtu wa mfano, lakini hali yake iliwakuta wengi. Februari 2020 analipwa Sh60,000 kwa mwezi. Machi 13 Kenya inatangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Machi 25 ndege za abiria kutoka nje zinasimamishwa, na siku mbili baadaye amri ya kutotoka nje usiku inaanza. Hoteli haina wageni. Mwajiri anawaita wafanyakazi na kuwaambia kwamba wengine wataenda likizo bila malipo, na watakaobaki watapokea nusu mshahara. Msimamizi wetu anabaki, kwa Sh30,000.

Nataka tuitumie karatasi yake ya mshahara kujibu swali ambalo kwa kawaida huulizwa kwa lugha nzito. Uchumi unapoanguka, bajeti ya serikali husaidia kwa njia mbili. Ya kwanza ni ile iliyokwisha kuandikwa ndani ya sheria: kipato kikipungua, kodi inapungua yenyewe, na penye bima ya ukosefu wa kazi malipo huanza kutoka bila waziri yeyote kuamka usiku. Hivi huitwa vitulizaji vya kujiendesha, kwa sababu hupunguza mpanda-shuka wa uchumi bila uamuzi mpya. Ya pili ni hatua za makusudi: serikali inakaa, inaamua, inabadili viwango vya kodi au inaanzisha matumizi mapya, kisha Bunge linapitisha. Zote mbili huonekana kwenye vitabu vya Hazina kama kitu kimoja tu, nakisi iliyoongezeka. Ili kuzitenganisha unafanya hesabu mara mbili. Kwanza unaiweka sheria ya zamani juu ya kipato kipya. Tofauti unayoipata ni kazi ya kitulizaji. Kisha, kwa kipato hichohicho kipya, unaiweka sheria mpya. Tofauti ya ziada ni kazi ya uamuzi.

Twende na sheria ya zamani. Mpaka Aprili 2020 kodi ya mshahara Kenya ilipanda kwa ngazi tano, kuanzia asilimia 10 kwa Sh12,298 za kwanza hadi asilimia 30 kwa kila shilingi iliyozidi Sh47,059. Mwishoni kila mfanyakazi aliondolewa Sh1,408 kama nafuu binafsi. Makato mengine nayaacha ili hesabu isitukimbie. Kwa Sh60,000 msimamizi alikuwa akikatwa Sh10,656 na kubaki na Sh49,344. Mshahara uliposhuka hadi Sh30,000, kodi kwa viwango vilevile ikawa Sh2,783, naye akabaki na Sh27,217.

Angalia kilichotokea hapo. Mshahara wake ulipungua kwa Sh30,000, lakini mkononi alipoteza Sh22,127. Hizo Sh7,873 za katikati zilibebwa na Hazina, ambayo ilikubali kukusanya kidogo. Kwa kila shilingi aliyokatwa na mwajiri, serikali ilibeba senti 26. Hakuna fomu iliyojazwa wala hotuba iliyotolewa. Ngazi za kodi ndizo zilizofanya kazi hiyo: shilingi alizozipoteza ni zile za juu, zilizokuwa zikitozwa asilimia 20, 25 na 30, kwa hiyo unafuu ukawa mkubwa kuliko wastani wa kodi aliyokuwa akilipa. Kodi ya ngazi moja isingempa unafuu wa namna hiyo.

Sasa mchukue mwenzake aliyepelekwa likizo bila malipo, naye alikuwa akilipwa Sh60,000. Kodi yake ilishuka hadi sifuri, maana yake Hazina ilibeba Sh10,656 kati ya Sh60,000. Hizo ni kama senti 18 kwa shilingi. Aliyeumia zaidi alibebewa sehemu ndogo zaidi! Hili si kosa la hesabu. Kitulizaji kinachotegemea kodi peke yake kina ukomo: kinaweza kukusamehe ulichokuwa ukidaiwa, lakini hakiwezi kukupa chochote. Kikishafika sifuri kimemaliza kazi yake.

Ndiyo maana nchi zenye vitulizaji vyenye nguvu hazitegemei kodi tu. Ujerumani, kwa mfano, ina mpango wa muda mrefu wa kazi ya saa zilizopunguzwa. Mwajiri akikosa kazi ya kutosha hupunguza saa badala ya kufukuza watu, na mfuko wa bima ya ajira humlipa mfanyakazi asilimia 60 ya mshahara halisi alioupoteza, au 67 akiwa na mtoto. Aprili 2020 karibu watu milioni 6 walikuwa ndani ya mpango huo. Hata huko, tukiwa wakweli, mkono wa serikali ulihitajika: Machi masharti yalilegezwa ili kampuni iweze kuingia hata kama ni mfanyakazi 1 tu kati ya 10 aliyeathirika, badala ya theluthi nzima. Mfereji ulikuwepo tangu zamani. Kilichoamuliwa ni kuupanua mlango wake, na hilo ni jambo la wiki chache. Kuuchimba kungehitaji miaka.

Rudi Diani. Nje ya geti la hoteli kuna muuza madafu, kuna kijana wa bodaboda, kuna mama anayesuka nywele ufukweni, kuna nahodha wa mashua ya kupeleka wageni Kisite. Hawamo kwenye orodha ya kodi ya mshahara. Walipopoteza kipato chote, mfumo haukuhisi kitu, kwa sababu hapakuwa na kodi ya kupungua. Nchini Kenya zaidi ya kazi 8 kati ya 10 ziko katika sekta isiyo rasmi. Kwa nchi nzima mapato ya kodi ni takribani asilimia 15 ya pato la taifa, kwa hiyo kipato cha nchi kikipungua kwa Sh100, bajeti hubeba kama Sh15 hivi. Katika nchi nyingi za Ulaya, ambako kodi huchukua sehemu kubwa ya pato na bima ya ajira ipo, bajeti hubeba karibu nusu.

Kwa hiyo Machi 2020 Kenya ilikuwa na kitulizaji kilicholenga vizuri, kwa maana kwamba kilimfuata mtu aliyepoteza kipato na kumwacha ambaye hakupoteza. Lakini kilikuwa chembamba na kiliwafikia wachache. Pengo hilo ndilo lililotakiwa kuzibwa kwa hatua za makusudi.

Hatua zilikuja, tena upesi. Machi 25, siku 12 tu baada ya mgonjwa wa kwanza, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kifurushi cha kodi. Kodi ya ongezeko la thamani ilishushwa kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia Aprili 1. Kodi ya faida za kampuni ilishuka kutoka 30 hadi 25. Kiwango cha juu cha kodi ya mshahara nacho kilishuka kutoka 30 hadi 25, nafuu binafsi ikapandishwa hadi Sh2,400, na aliyelipwa Sh24,000 au chini ya hapo akaondolewa kodi ya mshahara kabisa. Sheria ya kubadilisha kodi za kipato ilitiwa saini Aprili 25.

Vitabu vya uchumi huilaumu sera ya makusudi kwa kuchelewa. Mtikisiko unatokea, takwimu zinakuja miezi mitatu baadaye, Bunge linajadili miezi mitatu mingine, na msaada unafika wakati mvua imekwisha kukatika na mwenye nyumba amekwisha kuezeka. Mwaka 2020 lawama hiyo haikuwahusu Wakenya. Kutoka mshtuko hadi sheria hazikufika wiki saba, kwa sababu mshtuko wenyewe haukuhitaji takwimu: kila mtu aliuona. Shida ilikuwa mahali pengine, na hesabu yetu ya pili inaionyesha.

Kwa sheria mpya, msimamizi wetu mwenye nusu mshahara alikatwa Sh900 badala ya Sh2,783. Uamuzi wa serikali ulimwongezea Sh1,883 kwa mwezi. Si haba, ni unga wa wiki kadhaa. Lakini mlete mhasibu wa Nairobi ambaye kazi yake iliendelea mtandaoni na mshahara wake wa Sh60,000 haukuguswa. Kodi yake ilishuka kutoka Sh10,656 hadi Sh6,500, yaani alipata nyongeza ya Sh4,156. Mlete na meneja anayelipwa Sh300,000 na ambaye naye hakupunguziwa kitu: kodi yake ilishuka kutoka Sh82,656 hadi Sh66,500, nyongeza ya zaidi ya Sh16,000 kila mwezi. Yule aliyepelekwa likizo bila malipo alipata sifuri, kwa kuwa hakuwa na kodi tena ya kupunguziwa. Muuza madafu naye sifuri.

Yaani kitulizaji cha kujiendesha kilitoa zaidi kwa aliyepoteza, na hatua ya makusudi ikatoa zaidi kwa ambaye hakupoteza. Unapopunguza viwango vya kodi, faida huwafuata wenye kipato cha kutozwa, na katika mtikisiko hao ndio walionusurika.

Mtetezi wa kifurushi hicho angesema kwamba fedha za mhasibu zitatumika, na matumizi yake ni kipato cha mwingine. Katika mdororo wa kawaida hoja hiyo ina uzito. Lakini huu haukuwa wa kawaida. Hoteli zilikosa wateja kwa sababu safari zilikatazwa na watu waliogopa, wala si kwa sababu watu walikosa hela ya kulala hotelini. Meneja mwenye Sh16,000 za ziada hangeweza kuzipeleka Diani hata angetaka. Magari na mabasi hayakuruhusiwa kutoka eneo la Nairobi mpaka Julai. Kwa mtu wa namna hiyo, akiwa amefungiwa ndani na hana uhakika na kesho, jambo la busara ni kuweka akiba. Na akiba ya mwenye mshahara kamili haimsukumii chochote muuza madafu.

Kodi ya faida za kampuni ina kasoro hiyohiyo kwa ukali zaidi. Hoteli iliyofunga haina faida. Asilimia 30 ya sifuri ni sifuri, na asilimia 25 yake ni sifuri pia. Kitulizaji kilikwisha kumfanyia mwenye hoteli kila kilichoweza siku faida ilipokauka. Kilichobaki cha kumpa hakingeweza kupita kwenye kodi ya faida. Waliofaidika na kiwango kipya ni wenye biashara zilizoendelea kuuza.

Kwenye kodi ya ongezeko la thamani, bidhaa iliyokuwa ikiuzwa Sh1,160 ilitakiwa kushuka hadi Sh1,140, kama muuzaji angeamua kumpitishia mteja punguzo lote. Hiyo ni chini ya asilimia 2. Nayo haikugusa vyakula vya msingi ambavyo havikuwa vikitozwa kodi hiyo tangu mwanzo, na kwa familia iliyopoteza kipato, vyakula hivyo ndivyo vinavyomaliza hela.

Si haki kuishia kwenye kodi, kwa sababu upande wa matumizi serikali ilijaribu kuwafikia watu wa nje ya geti. Katika tangazo lilelile la Machi ziliahidiwa Sh bilioni 10 kwa wazee, yatima na wengine wasiojiweza. Pesa hizo zilifika kwa waliokuwa tayari kwenye daftari la Inua Jamii, wanaopokea Sh2,000 kwa mwezi. Kwa maneno mengine zilifika kwa waliokuwa maskini kabla ya korona. Nahodha wa mashua, ambaye Februari alikuwa na kipato kizuri tu, hakuwa kwenye daftari lolote. Kazi Mtaani ilikaribia zaidi: vijana wa mitaa ya mabanda walilipwa kwa siku kufagia, kuzibua mitaro na kusafisha vyoo vya umma. Ilianza kidogo mwishoni mwa Aprili, na katika awamu ya pili, kuanzia Julai, iliwachukua vijana zaidi ya laki 2 na nusu kwa ujira wa Sh455 kwa siku. Mpango wa namna hii hujichuja wenyewe, kwa kuwa mhasibu wa Nairobi hatashika fagio kwa Sh455. Lakini hapa ndipo ule ucheleweshaji wa vitabuni unaporudi. Kupunguza kiwango cha kodi ni kubadilisha namba kwenye sheria. Kuajiri robo milioni ya watu ni kuandikisha, kuhakiki vitambulisho, kugawa majembe na kulipa kwa simu, na hilo lilichukua miezi.

Kenya ilikuwa na mfano wa njia nyingine, tena kaskazini ambako wengi hawautazami. Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera zina mpango wa ruzuku ya fedha dhidi ya njaa. Kaya nyingi ziliandikishwa mapema na kufunguliwa akaunti, hata zile zisizopokea malipo ya kawaida. Setilaiti hupima ukijani wa malisho, na kipimo kikishuka hadi kiwango cha ukame mkali katika eneo fulani, kaya za ziada za eneo hilo hulipwa. Upanuzi wa namna hiyo ulianza 2015. Hicho ni kitulizaji cha kujiendesha kamili, kwa watu wasio na karatasi ya mshahara. Kisichokuwepo ni kipimo cha namna hiyo kwa mtikisiko wa mjini au wa pwani. Ukame unaonekana kutoka angani. Ufukwe usio na wageni hauonekani hivyo. Na kipimo chochote utakachochagua lazima kisiwe rahisi kuchezewa na yule anayenufaika nacho. Setilaiti haina mjomba.

Tufike sasa kwenye upande wa kuondoka, ambao kwa maoni yangu ndio uliokuwa mbaya zaidi. Kitulizaji hujirudisha chenyewe kwa kila mtu kwa wakati wake. Hatua ya makusudi huondolewa kwa tarehe moja kwa wote, na tarehe hiyo huamuliwa na hali ya mfuko wa serikali. Kufikia mwisho wa 2020 mfuko ulikuwa umebanwa. Nakisi ya mwaka wa fedha 2020/21 ilikuwa ikielekea takribani asilimia 8 ya pato la taifa, deni lilikuwa limerundikana tangu kabla ya korona, na mazungumzo na Shirika la Fedha la Kimataifa yalikuwa yakiendelea. Aprili 2021 shirika hilo liliidhinisha mpango wa dola bilioni 2.34. Desemba 2020 sheria ya pili ilipitishwa, na Januari 1, 2021 kodi ya ongezeko la thamani ikarudi 16, kodi ya kampuni ikarudi 30, na kiwango cha juu cha kodi ya mshahara kikarudi 30.

Ukiangalia uchumi kwa wastani, tarehe hiyo inaweza kutetewa. Pato la taifa lilisinyaa kwa asilimia 0.3 tu mwaka 2020, kwa sababu mvua ilikuwa nzuri na kilimo kilibeba, na 2021 lilikua kwa zaidi ya asilimia 7. Lakini wastani huo ulificha Diani. Sekta ya malazi na chakula ilipoteza karibu nusu ya pato lake mwaka 2020. Wageni wa kimataifa walishuka kutoka zaidi ya milioni 2 mwaka 2019 hadi chini ya laki 6. Januari 2021 hawakuwa wamerudi.

Karatasi ya mshahara ya msimamizi wetu ya mwezi huo ilionyesha Sh30,000 zilezile. Kodi ilikuwa imepanda kutoka Sh900 hadi Sh1,500, kwa sababu ngazi za katikati zilifutwa na kila shilingi kati ya Sh24,000 na Sh32,333 ikaanza kutozwa asilimia 25. Kipato chake hakikubadilika hata senti, lakini kodi yake ilipanda kwa theluthi mbili. Kitulizaji kisingefanya hivyo. Kingesubiri mshahara upande kwanza. Bahati yake ni kwamba nafuu ya Sh2,400 haikuguswa, na imebaki kwenye sheria muda mrefu baada ya korona. Hatua za dharura zina tabia hiyo pia: baadhi huondolewa mapema mno, na nyingine husahaulika zikawa sehemu ya nyumba.

Hoteli ilipojaa tena na mwajiri akarudisha Sh60,000, kodi yake ilipanda kutoka Sh1,500 hadi Sh10,383 mwezi huohuo. Hazina ilirudishiwa ilichokuwa imembebea, karibu senti 30 kwa kila shilingi iliyorudi, na hakuna mbunge aliyepiga kura. Muuza madafu naye alirudi ufukweni. Mtaji wa kuanzia alikopa.